Vistari Vitatu vya Tangazo la Kwaya

Kuna kitu kidogo kuliko chawa kilichonisumbua kuliko mwenye nyumba, na mwenye nyumba wangu wa wakati ule alikuwa mtu wa kung'oa mlango wa mpangaji na kwenda nao. Kitu chenyewe ni kistari. Kale kamstari kafupi ambako Waingereza hukatia katikati ya maneno yao, hapa wanakaweka, pale wanakatoa, na ukiwauliza sababu wanakuangalia kama umeuliza mbona maji yana unyevu.

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu. Sioni aibu kusema. Darasa la nne nililianza, nikakaa wiki mbili, ng'ombe wa baba wakanihitaji zaidi ya mwalimu. Kwa hiyo Kiingereza sikukipata shuleni. Nilikipata Kariobangi, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, tena nilikipata kikiwa kimegeuzwa, maana herufi za chapa zinasimama kinyume kama uso kwenye kioo. Mpaka leo nikiona neno la Kiingereza lililoandikwa vizuri kutoka kushoto kwenda kulia, naona kama limekosewa.

Duka letu la kuchapa lilikuwa chumba kimoja kirefu. Jirani wa kushoto alichomelea mageti, jirani wa kulia alitengeneza masufuria, kwa hiyo sisi katikati tuliongea kwa kupiga kelele hata tulipokuwa hatuna hasira. Mwenye duka tulimwita Tajiri. Hakuwa tajiri, lakini Nairobi mtu akikuajiri anaitwa hivyo hata kama viatu vyake vinacheka. Alikuwa mtu wa Murang'a, mkristo wa kweli, mwenye kuhesabu kila kitu mara mbili. Alikuwa na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, ya miaka ya wazungu, na masanduku ya herufi za risasi yaliyogawanywa vijumba vidogo: A nyumba yake, B nyumba yake, nukta nyumba yake, na kistari nacho kanyumba kake kwenye kona.

Kazi yangu ilikuwa kukanyaga mashine. Kabla ya hapo nilikuwa kibarua Industrial Area, nikiishi Mukuru kwa Reuben, kila asubuhi unasimama kwenye geti la kiwanda na wenzako mia moja, msimamizi anawanyooshea kidole kama anachagua kuku. Kukanyaga mashine kulikuwa maendeleo. Lakini mguu wangu wa kulia ulianza kuuma kwenye goti, na nilikuwa nikimtazama mpangaji wa herufi, mzee wa Kakamega aliyefanya kazi ameketi kwenye stuli, glasi ya chai pembeni, akiokota herufi moja moja na kuzipanga kwenye kile kijitreya cha chuma anachokishika mkono wa kushoto. Nikasema moyoni: ile stuli ni yangu siku moja.

Yule mzee alinifundisha bila kinyongo. Alinifundisha kupanga, kufunga kazi iliyopangwa kwa kamba isianguke, kurudisha kila herufi nyumbani kwake. Na alinipa sheria moja ambayo nitaitaja sasa ili mjue nilivyoingia shimoni. Alisema, "Mteja akikuletea maandishi ya mkono, ukiona kistari mwisho wa mstari, kiue. Hicho si kistari. Ni karatasi imemwishia, akakata neno. Wewe unganisha."

Sheria nzuri. Imenisaidia miaka mingi. Imenichimbia kaburi mara moja.

Macho ya yule mzee yakaisha. Akaanza kuchanganya b na d, halafu p na q, halafu akachapa kadi za harusi zenye jina la bwana harusi wa wiki iliyopita. Akafunga mizigo akaenda nyumbani. Tajiri akaniita mbele ya mashine.

"Wewe bwana," akasema, "stuli iko wazi. Lakini nina mke wa mpwa wangu amemaliza Fomu Foo, amekaa tu. Sasa sikia. Kesho anakuja yule mwalimu wa nasari, katibu wa kwaya. Unamjua?"

Nani asiyemjua? Yule mama aliwahi kurudisha kalenda za kanisa kwa sababu ya koma.

"Panga kazi yake. Akichukua karatasi zake bila kurudisha, stuli ni yako. Akirudisha zikiwa zimeshachapwa, rudi kwenye kukanyaga na usiniulize tena."

Nikamwambia sawa. Nilifikiri amenipa zawadi.

Mwalimu alikuja Jumatano. Mwanamke mfupi, mkoba kwapani, anaongea Kiswahili kana kwamba kuna mtu anamsahihisha nyuma. Alikuwa wa upande wetu, magharibi, lakini nilipomsalimu kwa lugha ya nyumbani alijibu kwa Kiswahili. Akatoa karatasi iliyochanwa kwenye kitabu kidogo cha mazoezi, kile chembamba cha watoto wa nasari, mistari mifupi.

"Fundi, kamati imekaa mara tatu juu ya maneno haya. Usiongeze, usipunguze."

"Sawa, Mwalimu."

"Vikaratasi viwe tayari Jumamosi. Tamasha ni Jumapili ya wiki ijayo, na watu lazima wapate wiki nzima ya kuvisoma."

Maneno yalikuwa machache. Kwaya ya kanisa inafanya tamasha, atakuwepo mwimbaji anayejulikana sana, na mtoto wa miaka mitano ataimba, ndani ya ukumbi mpya. Basi. Lakini kwa sababu karatasi ilikuwa nyembamba, neno la mwimbaji lilikuwa limekatika mwisho wa mstari: WELL, kistari, kisha chini KNOWN SINGER. Na la mtoto vilevile: FIVE, kistari, chini YEAR-OLD CHILD.

Nikakumbuka mzee wangu wa Kakamega. Kistari mwisho wa mstari, ua. Nikaua viwili. Nikaunganisha. Nikapanga kwa herufi kubwa za saizi ya kati, ndizo zilikuwa safi, nikapiga nakala ya kwanza kwa wino mzuri, nikaianika kwenye kamba kama nguo ya mtoto mchanga. Nilijivuna. Mke wangu alishangaa jioni ile mbona nanunua nyama katikati ya wiki.

Alhamisi mwalimu akaja kuisoma. Alisoma kwa kidole, kama wanavyosoma watoto wake. Kidole kikatembea, kikasimama.

"Fundi. Hii WELLKNOWN ni kijiji gani?"

Kidole kikashuka.

"Na hii FIVEYEAR? Ni mwezi wa kizungu?"

"Mwalimu, nilidhani karatasi ilikuishia."

"Karatasi iliniishia, ndiyo! Lakini kistari kilikuwa cha kweli. Kilikuwepo kabla karatasi haijaisha."

Sasa hebu niambieni nyinyi mliosoma: mtu atajuaje? Kistari cha kweli na kistari cha karatasi vinafanana kama mapacha. Hakuna alama. Mwandishi mwenyewe ndiye anayejua. Nilimwambia hivyo, kwa heshima, na naona ukweli ulimgusa kidogo, maana alivuta kiti. Tajiri alikuwa nyuma ameinua gazeti, lakini gazeti halikuwa likigeuzwa kurasa.

Mwalimu akanieleza. Sijawahi kuelezwa kitu vizuri hivyo, na ninasema hivyo ingawa yule mama alinipa shida. Akasema, "Unawaona watoto wangu wakivuka barabara kwenda kanisani? Nawashikanisha mikono. Kwa nini? Kwa sababu kuna mahali wanaenda pamoja, mbele yao. Hapa WELL na KNOWN wanaenda kwa SINGER. Wanamweleza mwimbaji kwa pamoja, kama neno moja. Kwa hiyo wanashikana mikono. FIVE na YEAR na OLD wanaenda kwa CHILD. Watatu, mikono miwili. Vistari viwili."

"Na wakishafika?"

"Wakishafika wanaketi, wanaachiana. Ukisema mwimbaji kwanza, halafu useme anajulikana, THE SINGER IS WELL KNOWN, hakuna kistari. THE CHILD IS FIVE YEARS OLD, hakuna kistari, na YEAR inapata S yake. Hakuna wanayemfuata tena."

Nikatazama mstari wa mwisho, ule wa ukumbi mpya. NEWLY BUILT HALL. Nikaona ujanja.

"Basi NEWLY na BUILT nao tuwashikanishe, Mwalimu. Wanaenda kwa HALL."

"Hapana."

"Hapana?"

"Neno la namna hiyo lenye LY mwishoni ni mtoto mkubwa. Anavuka peke yake. Kila mtu anaona anamwelekea nani."

Kumbe! Nikashika kichwa. Yaani unampa mtu sheria, anaikubali, halafu kabla hajakaa nayo unamwambia kuna mtoto mkubwa. Ndiyo maana sikumaliza shule. Lakini nilielewa. Nikahesabu: kimoja cha mwimbaji, viwili vya mtoto. Vistari vitatu. Nikamwambia aje kesho saa nane.

Alipoondoka nikaivunja ile kazi, nikarudisha kila herufi sandukuni, kisha nikaingiza kidole kwenye kile kijumba cha kona. Kulikuwa na kistari kimoja.

Nilitikisa sanduku. Nikapapasa sakafuni. Kimoja. Halafu nikakumbuka. Chini ya meza kulikuwa na kazi iliyofungwa kamba, tikiti za chama cha mazishi cha akina mama wa sokoni. Kila mwezi tulichapa zilezile, kwa hiyo hazikuvunjwa. Zilikaa zimefungwa zikisubiri. Na katikati ya ile tikiti, mahali pa kukata, mzee wa Kakamega alikuwa amepanga vistari kutoka ukingo hadi ukingo, ishirini na kitu, ili mtu aone pa kupitisha makasi. Vistari vyote vya saizi ile vilikuwa mle.

Mtu mwingine angesema, toa viwili, nani ataona? Lakini duka letu lilikuwa na mila yake. Kazi iliyofungwa kamba ni mali ya aliyelipia kupangwa kwake. Tajiri alikuwa amelisema hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu. Kuna mtu aliyewahi kufukuzwa kwa kutoa nukta kwenye risiti za duka la dawa. Nukta! Nikaona nisiguse.

Nikaenda kwa Tajiri. "Vistari havitoshi. Nunua vichache."

"Kwa vistari viwili niende mjini?" akasema. "Wazee wetu walichapa Biblia bila kulia. Tafuta njia."

Njia. Watu wa Kariobangi tukiambiwa tafuta njia, tunatafuta tupa ya kusugulia chuma. Nilisimama mbele ya sanduku nikiziangalia herufi, na macho yangu yakatua kwenye H. Iangalieni H vizuri. Miguu miwili, na katikati kistari! Kimelala pale kinangoja kuachiliwa. Ukikata miguu, kinabaki. Nilicheka peke yangu. Nikamwendea jirani wa masufuria.

"Nisaidie tupa ndogo, na ile jiliwa yako nibanie kitu."

"Unatengeneza nini, meno ya panya?"

"Kiingereza."

"Basi banisha taratibu, hicho hakivumilii."

Risasi ni laini kama jibini. H ya kwanza tupa iliteleza, kistari kikaondoka pamoja na mguu. Ya pili vilevile. Ya tatu ikatoka safi, ya nne pia. Sasa nilikuwa na vistari vitatu: kimoja cha kuzaliwa, viwili vya kutengeneza. Nikavipanga, mstari wa mwisho nikauacha kwanza maana haukuwa na kistari, nikapiga nakala, nikaianika kwenye kamba.

Ijumaa saa nane mwalimu akaja. Kidole kikatembea. WELL-KNOWN, kikapita. Nikashusha pumzi. Kikafika kwa mtoto, kikasimama.

"Fundi, hawa hawajashikana."

"Wameshikana, Mwalimu, kistari hiki hapa!"

"Kistari kipo. Tazama nafasi." Alinigeuzia karatasi. "FIVE yuko hapa, kistari kiko katikati ya uwanja, YEAR yuko kule. Hii imekuwa dashi ya kupumzikia. Mikono imenyooshwa, haijagusana. Kistari kinabana pande zote mbili, hakuna nafasi."

Na ni kweli. Nilikuwa nimekata miguu ya H, lakini kile kipande cha risasi kilikuwa bado na upana wa H. Kistari kilisimama katikati na utupu kushoto na kulia, kama mtu aliyealikwa harusi asiyejua mtu.

"Kwa kijikaratasi tu, Mwalimu," nikasema. Nilikuwa nimechoka. "Watu wa mtaa watajua. Nani atakuja tamashani na rula?"

Hapo alinijibu bila kupandisha sauti, nami nikaona vibaya. "Fundi, mimi nafundisha watoto wa watu kuandika. Kijikaratasi hiki kitabandikwa mlangoni kwa kila mzazi wangu. Kuna wazazi wanaosema mwalimu wa nasari hahitaji kusoma. Unataka niwape ushahidi?"

Nikatafuta mlango wa nyuma. "Basi tugeuze maneno. Tuseme mwimbaji anajulikana, mtoto ana miaka mitano. Ulisema wakiketi wanaachiana. Hatutahitaji kistari hata kimoja!"

Akanitazama, na nadhani alitaka kucheka. "Umejifunza. Lakini kamati imekaa mara tatu."

"Ikae ya nne."

"Mwenyekiti amesafiri kwenda Bungoma kwa matanga. Maneno hayaguswi. Kesho asubuhi, Fundi."

Alipoondoka nilizibana zile H mbili tena kwenye jiliwa nizipunguze ubavu. Nikasugua kushoto, nikasugua kulia. Zikapungua, lakini sikuwa na mkono wa mashine. Zikatoka zimekonda juu, nene chini. Ukizisimamisha zinaegemea jirani kama walevi. Nilipozijaribu, kistari kilichapa nusu. Nikatupa ile tupa, ikagonga sufuria ya watu, na jirani akaniuliza kama Kiingereza kimenishinda. Nilimtukana. Baadaye nilimwomba msamaha, lakini siku ile nilimtukana.

Ikabaki njia moja. Nikavaa koti nikaenda sokoni.

Mwenyekiti wa chama cha mazishi aliuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye kona ya soko, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alikuwa anapimia mteja kwa kopo. Nikasubiri. Kisha nikamweleza kwamba tikiti zao zina vistari, na mimi nahitaji viwili, nami siwezi kuvigusa bila ruhusa yake.

"Vistari gani, baba? Mimi sijui kusoma."

Nikatoa tikiti ya mwezi uliopita mfukoni, nikamwonyesha mahali pa kukata.

"Hiyo ndiyo mistari ya kupasua?"

"Ndiyo."

"Na sisi tunapasua kwa meno!" Akacheka mpaka omena zikamwagika. Mama wa nyanya jirani naye akacheka. "Baba wa watu umetoka huko mbali kuomba ruhusa ya mstari? Chukua!" Halafu akaacha kucheka, kwa sababu ni mwenyekiti. "Lakini virudi. Mwezi ukiisha nataka tikiti yangu iwe nzima. Mtu akifa na tikiti ina pengo, watasema pengo ndilo lililomwita."

Nikamwapia. Nikarudi karibu nikimbie, na goti langu lile. Nikafungua kamba, nikatoa vistari viwili kwa kibano, nikaweka vipande vya nafasi mahali pake ili kazi isilegee, nikafunga tena. Nikavipanga kwa mtoto. FIVE-YEAR-OLD. Vilibana! Mikono imeshikana. Nikasema asante kwa Mungu na kwa waliokufa.

Halafu nikaanza kupanga ule mstari wa mwisho niliouacha. IN OUR NEWLY BUILT. Nikaingiza kidole kwenye nyumba ya H.

Tupu.

Sanduku lilikuwa na H nane. Nne nimeziua kwa tupa. Nne zilikuwa zimeshaingia kwenye tangazo: mbili kwa CHURCH, moja kwa CHOIR, moja kwa CHILD. Ya HALL haikuwepo. Nilikaa juu ya ile stuli, stuli yenyewe niliyokuwa nikiipigania, na sikuweza hata kukasirika. Niliwaza nirudi kwa mama wa omena nimwombe H, lakini H za tikiti yao zilikuwa za saizi ndogo. Mwishowe nikachukua H moja kutoka sanduku la herufi zilizo kubwa kidogo. Kidogo tu. Nikaibananisha. HALL ikasimama na mguu mnene mbele, kama mtu aliyevaa gambuti na viatu vya wenzake ni ndala.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshakanyaga vyote mia tano kabla mwalimu hajafika. Ilikuwa bahati nasibu. Nilitaka kumaliza kabla moyo haujanishinda.

Kidole kikatembea. WELL-KNOWN. Kikapita. FIVE-YEAR-OLD. Kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita. NEWLY BUILT, bila kistari. Akatikisa kichwa kwa kukubali, mwanafunzi amekumbuka. HALL kidole hakikufika. Alikuwa ameshapata alichokitafuta.

"Umefanya vizuri, Fundi," akasema, safari hii kwa lugha ya nyumbani. Akabeba kifurushi akaondoka.

Nikageuka kumtazama Tajiri. Nilikuwa natabasamu, sifichi. Yeye alikuwa ameshika kijikaratasi kimoja mbali na macho yake, kama watu wa umri wake wanavyofanya.

"H hii imetoka wapi?"

"Sanduku la pili, Tajiri."

"Kwa nini la pili? La kwanza lina H nane."

Nikajifanya napanga karatasi. Akaenda kwenye sanduku, akaangalia nyumba ya H. Akaangalia tangazo lililokuwa bado kwenye mashine, akahesabu. Akahesabu mara ya pili, tabia yake. Halafu akaniangalia mikononi, na kwenye kucha zangu kulikuwa na unga wa risasi.

"Umekata herufi zangu kwa tupa?"

"Ulisema nitafute njia."

"Njia! Sikusema uchinje ng'ombe upate mkia!"

"Lakini mwalimu amechukua. Ulisema akichukua bila kurudisha..."

"Amechukua. Na mimi nimebaki na sanduku lisiloweza kuandika HARAMBEE mara tano." Akakunja kile kijikaratasi. "Mtu anayekula vyombo siwezi kumpa jiko."

Ndiyo hivyo. Kazi ilipita, mimi sikupita. Mpaka leo nikilikumbuka shauri lile nasikia joto masikioni. Kama angenunua vistari viwili! Kama mwalimu angeandika kwenye karatasi pana! Na sana sana, kama mimi ningeenda kwa mama wa omena siku ya kwanza, badala ya kujifanya fundi. Niliogopa mila ya duka, na mila yenyewe ilihitaji tu niombe. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatatu akaja mke wa mpwa. Fomu Foo, nywele nzuri, mkono mwepesi. Sikumchukia, ingawa nilijaribu. Mwezi ulipoisha nilimwomba anipishe dakika moja, nikarudisha vile vistari viwili kwenye tikiti za mazishi kwa mkono wangu, nikaendelea kukanyaga. Siku zikaenda.

Basi siku moja yule mke wa mpwa akapanga tangazo la ufunguzi wa saluni. Likaja kwangu kwenye mashine. Mimi nalisoma kinyume, kama nilivyosema, na kinyume ndipo ninapoona vizuri. Lilisema OUR HAIRDRESSER IS WELL-KNOWN. Nukta.

Nikasimamisha mguu. Mashine ikanyamaza, na ile mashine ikinyamaza kila mtu anageuka.

"Nini, mzee?" akauliza.

"Hiki kistari. Kitoe."

"WELL-KNOWN ina kistari. Hata watoto wanajua."

"Ikiwa inaenda kwa mtu. Hapa inaenda kwa nani? Angalia mbele yake kuna nini."

Akaangalia. Mbele yake kulikuwa na nukta.

"Mzee, wewe ulisoma hadi wapi?"

"La tatu. Watoto wakishafika wanaketi, wanaachiana mikono."

Hakunielewa, na ningemwelezaje bila barabara na kanisa na mama wa omena? Tajiri akapaza sauti kutoka nyuma: "Mbona mashine imelala?" Yule binti alinitazama, akatazama chapa, midomo yake ikisoma ile sentensi polepole, mara mbili. Kisha akachukua kibano, akakitoa kistari, akaweka kipande cha nafasi.

"Inapakwa wino, Baba," akamjibu Tajiri. Akaniwekea kistari kiganjani.

Nikaenda kwenye sanduku, nikakirudisha kwenye kijumba chake cha kona. Nikarudi nikakanyaga. Goti liliuma vilevile.